Nukta Iliyosingiziwa: Je, Spinachi Ina Chuma Kingi Kweli?

Hadithi yenyewe husimuliwa hivi. Mwanakemia mmoja wa Kijerumani wa karne ya 19 alipima madini ya chuma yaliyomo kwenye spinachi, na alipokuwa akiandika matokeo yake akaiweka nukta ya desimali mahali pasipo pake. Miligramu 3.5 zikageuka 35. Kosa likaingia kitabuni, vitabu vikanakiliana, na watu wakaamini kwa miaka mingi kwamba jani hilo lina chuma mara kumi ya kile kilichomo. Ndiyo maana, husema wasimuliaji, baharia wa katuni aitwaye Popeye alipewa kopo la spinachi la kumtunisha misuli. Miaka ya 1930 wanakemia wengine wakapima upya na kuligundua kosa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Ni hadithi tamu. Ina mkosaji msomi, ina kosa dogo lenye madhara makubwa, na inamwachia msikilizaji raha ya kujua jambo ambalo jirani yake halijui. Maprofesa wameitumia darasani kuwaonya wanafunzi wasinakili takwimu bila kuzihakiki. Imechapishwa katika majarida ya kitabibu na katika vitabu vya sayansi kwa wasomaji wa kawaida.

Tatizo ni kwamba wale walioitafuta nukta hiyo katika maandishi ya zamani hawakuiona. Kisa kinachoonya watu wasiamini jambo bila ushahidi chenyewe kimeaminiwa bila ushahidi. Na ukikiondoa njiani, swali la spinachi na chuma linabaki palepale, na jibu lake haliwafurahishi sana wanaoisifia mboga hii wala wanaoibeza.

Msururu wa kunakiliana

Aliyeisambaza hadithi hii kwa madaktari ni Terence Hamblin, daktari bingwa wa magonjwa ya damu kutoka Bournemouth, Uingereza. Desemba 1981 aliandika katika jarida kuu la kitabibu la nchi hiyo makala yenye mzaha ndani yake kuhusu udanganyifu na makosa ya kisayansi. Spinachi ilikuwa mojawapo ya mifano yake. Hamblin alieleza kwamba wanakemia wa Kijerumani wa miaka ya 1930 walithibitisha kuwa nukta ilikosewa, lakini hakutaja ni wanakemia gani wala waliandika wapi.

Kabla yake, mtaalamu wa lishe Arnold Bender alikuwa ameshaligusa jambo hilo katika mhadhara wa mwaka 1972 jijini London, kisha katika barua kwa gazeti moja la Uingereza mwaka 1977. Bender alimtaja von Wolff, mwanakemia wa karne ya 19, kuwa chanzo cha takwimu kubwa, na akasema kwamba mwaka 1937 profesa mwingine wa Kijerumani alipima upya na kupata sehemu moja tu ya kumi. Kuhusu nukta, alisema sifa za spinachi zinaelekea kuwa zimejengwa juu yake. Kauli hiyo ya kukisia iligeuka kuwa tukio la kihistoria ilipopita katika vinywa vya wengine.

Mtu aliyeamua kufuatilia jambo hili hadi mwisho hakuwa daktari wala mwanakemia. Mike Sutton alikuwa mtaalamu wa masuala ya uhalifu katika Chuo Kikuu cha Nottingham Trent. Katika makala ndefu aliyoitoa mwaka 2010 alieleza jinsi alivyopekua maandishi ya zamani akiitafuta nukta na asiipate. Alimwandikia Hamblin mwenyewe kumuuliza alikoitoa. Daktari huyo alijibu kiungwana kwamba hakumbuki.

Sutton alikagua pia upande wa Popeye. Baharia huyo alianza kuonekana katika michoro ya magazeti ya Marekani Januari 1929, kazi ya mchoraji Elzie Segar, na spinachi ilimjia baadaye. Katika mchoro wa mwaka 1932 Popeye mwenyewe anaeleza kwa nini anaila: ina vitamini A, na hiyo ndiyo inayowapa watu nguvu na afya. Chuma hakikutajwa. Na Popeye alikuwa sahihi kuliko wasimuliaji wake, kwa sababu spinachi ina karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wakulima wa Crystal City, mji wa Texas uliokuwa ukiishi kwa kilimo cha spinachi, walimsimamishia sanamu mwaka 1937 kwa kuwafanyia biashara.

Mwaka 2014 msomi wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mambo kama haya, ambayo huzunguka miongoni mwa wasomi bila mwenye nayo. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kulijua jina hilo. Rekdal ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 1998 alikuwa ameandika makala akionyesha jinsi dhana ya kwamba Wairaqw walitoka Iraki, iliyoanza kama kisio tu, ilivyogeuzwa kuwa historia kwa kurudiwarudiwa. Aliutambua mchezo uleule katika spinachi. Alionyesha, kwa mfano, kwamba makala ya mwaka 1995 iliyowaonya wanasayansi kuhusu kunukuu ovyo ilitumia kisa cha nukta kama mfano wake, nayo haikuwa na chanzo cha kukithibitisha.

Kunakili huacha alama zake. Mwanakemia wa kweli aliitwa Emil von Wolff, mtaalamu wa kemia ya kilimo aliyefundisha Hohenheim, kusini mwa Ujerumani. Katika maandishi ya baadaye herufi moja ya jina lake la ukoo ikadondoka, na katika kitabu cha Samuel Arbesman cha mwaka 2012 akaitwa Erich. Majedwali ya von Wolff, yaliyotoka mwaka 1871, hayakuwa hata ya lishe ya binadamu. Alikusanya vipimo vya majivu: mmea unachomwa hadi yabaki majivu, kisha inaangaliwa kila madini yanachukua sehemu gani ya majivu hayo. Takwimu ya namna hiyo haisemi moja kwa moja kuna miligramu ngapi za chuma katika sahani ya mboga, kwa hiyo ile nukta ya kati ya 3 na 5 haikuwa na mahali pa kukaa.

Mara kumi bila kosa la nukta

Je, takwimu kubwa za zamani zilitoka wapi? Maelezo mengine yapo, na hayahitaji mwandishi mzembe. Yanahitaji maji tu.

Spinachi mbichi ni maji kwa asilimia 91 hivi. Chukua gramu 100 za majani mabichi. Kwa vipimo vya sasa vya Idara ya Kilimo ya Marekani, ndani yake mna miligramu 2.7 za chuma. Yaanike majani hayo mpaka yakauke kabisa. Maji yataondoka, na utabaki na gramu 9 tu za mada kavu. Chuma hakiruki na mvuke, kwa hiyo zile miligramu 2.7 zote zimo katika gramu 9 hizo. Sasa kusanya majani makavu hadi yafike gramu 100: utapata takribani miligramu 30.

Hiyo ndiyo mara kumi inayosimuliwa, na kila hesabu ndani yake ni sahihi. Wanakemia wa karne ya 19 walikuwa na sababu nzuri ya kupima mada kavu, kwa kuwa maji ya mmea hubadilika kutwa kucha, na bila kuyaondoa huwezi kulinganisha jani na nafaka. Gustav von Bunge, mtaalamu wa fiziolojia wa Basel nchini Uswisi, aliripoti miaka ya 1890 kwamba spinachi kavu ina zaidi ya miligramu 30 za chuma kwa kila gramu 100. Kwa mada kavu, yuko karibu kabisa na vipimo vya leo. Kosa hutokea pale mtu anapoichukua namba hiyo na kuiweka katika orodha ya vyakula vibichi, bila neno "kavu" kando yake.

Kuna pia suala la udongo. Spinachi hukua karibu na ardhi, na majani yake yenye mikunjo hushika vumbi na matope yanayorushwa na mvua. Udongo una chuma kingi kuliko jani lolote. Wekundu wa ardhi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki unatokana na chuma kilichopata kutu. Mboga isiyooshwa vizuri ikifikishwa maabara, mashine itahesabu chuma cha jani pamoja na cha udongo. Maabara za leo husafisha sampuli kwa uangalifu kwa sababu hiyo, na tofauti kubwa isiyoelezeka kati ya vipimo viwili vya mboga moja bado humfanya mtaalamu aulize kwanza kuhusu uoshaji.

Chuma kimo, lakini hakiingii

Turudi kwenye namba ya leo, miligramu 2.7 kwa gramu 100 mbichi. Hiyo si ndogo kwa jani. Kabichi ina karibu nusu miligramu tu. Mchicha wetu una kama 2.3. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishapikwa, huwa na takribani 2.6, yaani karibu sawa na spinachi. Anayesema spinachi haina chuma anakosea kama anayesema inacho cha ajabu.

Ila chakula hakilishi damu kwa kuwa kipo kwenye sahani. Lazima kivuke ukuta wa utumbo, na hapo ndipo nyama na spinachi zinapoachana.

Chuma cha chakula ni cha aina mbili. Cha kwanza kimo kwenye damu na misuli ya wanyama, kikiwa kimefungwa katikati ya molekuli iitwayo hemu, ileile inayobeba oksijeni katika damu ya binadamu. Utumbo una njia ya kuipokea hemu ikiwa nzima, kwa hiyo vitu vingine vilivyoliwa pamoja nayo haviiathiri sana. Mwili huchukua kati ya asilimia 15 na 35 ya chuma hicho. Aina ya pili ni chuma cha mimea, ambacho hakina hemu. Hiki lazima kiyeyuke kwanza tumboni, kibaki kimeyeyuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na njiani kisinaswe na kitu kingine. Kwa kawaida mwili hupata kati ya asilimia 2 na 20, na spinachi huwa huko chini kabisa.

Watafiti walijuaje? Miguel Layrisse wa Venezuela na wenzake, katika majaribio yaliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuza mimea katika maji yaliyotiwa chuma chenye mnururisho hafifu, ili chuma kilichoingia ndani ya jani au punje kiwe na alama. Wanyama nao walitiwa chuma chenye alama. Watu waliojitolea walikula vyakula hivyo, na baada ya wiki mbili hivi walitolewa damu. Muda huo unatosha kwa chuma kilichofyonzwa kuingia katika chembe nyekundu mpya, kwa hiyo kiasi cha alama kilichoonekana kwenye damu kilionyesha mwili umechukua nini na umepitisha nini chooni.

Nyama ya ndama ilitoa karibu asilimia 22 ya chuma chake, na samaki kama asilimia 11. Soya ilitoa asilimia 7 hivi. Spinachi ilitoa asilimia moja na nusu, au pungufu kidogo.

Weka namba hizo kwenye sahani moja. Mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi hupoteza chuma kila siku, na anahitaji kukirudishia mwilini kiasi cha miligramu 1.5, maana yake kile kinachovuka utumbo na kufika kwenye damu. Gramu 100 za spinachi zina miligramu 2.7, asilimia moja na nusu yake ni miligramu 0.04. Akitegemea spinachi peke yake, ingebidi ale zaidi ya kilo tatu na nusu kwa siku. Gramu 100 za nyama, zenye karibu chuma kilekile, zikifyonzwa kwa asilimia 20 zitampa nusu miligramu, yaani zaidi ya mara kumi ya spinachi.

Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu mwili wenyewe hupanga. Mtu aliyepungukiwa chuma hufyonza zaidi kuliko aliyeshiba, na mboga huliwa pamoja na vitu vingine. Lakini pengo kati ya vyakula hivyo viwili ni kubwa mno kuzibwa na tofauti hizo.

Nani anakizuia?

Kwa muda mrefu lawama ilipelekwa kwa oksaleti, ile asidi inayofanya meno yahisi ukavu na ukakasi mtu anapokula spinachi. Gramu 100 mbichi zina karibu gramu nzima ya asidi hiyo. Oksaleti hukamata kalsiamu barabara, na ndiyo maana wenye historia ya mawe ya figo huambiwa wapunguze spinachi. Ilidhaniwa kwamba hukamata chuma vivyo hivyo.

Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Zurich na kuchapishwa mwaka 2008 uliitilia shaka dhana hiyo. Wanawake walipewa mlo wenye kale, jamaa wa sukuma wiki mwenye oksaleti kidogo, na siku nyingine mlo uleule ukiwa umeongezwa oksaleti. Ufyonzaji wa chuma haukubadilika. Watafiti hao wakaelekeza kidole kwa kalsiamu iliyomo ndani ya spinachi na kwa polifenoli, kemikali za mimea zilizo jamii moja na zile zinazoipa chai ya rangi ukali wake. Hata utafiti wa nyuma, uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1983, ulikuwa umeonyesha kwamba mboga zenye polifenoli nyingi ndizo zinazoshika chuma chake. Katika utafiti huo spinachi, dengu na majani ya bitiruti yalitoa chini ya asilimia 3. Kabichi, koliflawa, boga na nyanya vilitoa kuanzia karibu asilimia 10 hadi zaidi ya 30.

Kwa hiyo kabichi, mboga ambayo hakuna aliyewahi kuisifia kwa kuongeza damu, inakiachia kwa urahisi kile kidogo ilichonacho. Spinachi inacho zaidi, ila imekishikilia.

Spinachi ya sokoni

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi kuna jambo jingine la kuongeza. Mboga inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko mengi ya Afrika Mashariki si ile iliyopimwa na kina Bunge. Ile yenye majani mapana yaliyokunjamana na shina nene, mara nyingi jeupe, ni ndugu wa karibu wa bitiruti, aina inayolimwa kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Spinachi ya Ulaya ni mmea mfupi wenye majani madogo laini, na hapa huonekana zaidi kwenye maduka makubwa. Zote mbili ni za ukoo mmoja na mchicha, na zote zina oksaleti. Lakini ya sokoni ina chuma pungufu kidogo, takribani miligramu 1.8 kwa gramu 100 mbichi.

Maana yake, anayepita fungu la mchicha akatafute spinachi ya bei kubwa zaidi kwa ajili ya chuma hajapata faida yoyote. Mchicha una kingi zaidi ya hiyo, ingawa nao ni jani na kanuni za ufyonzaji ni zilezile.

Mboga hizi zisitupwe. Spinachi ina foleti nyingi, vitamini K na karotini, na hakuna anayezibishia sifa hizo. Chuma chake kinaweza pia kusaidiwa. Vitamini C hukishika chuma tumboni katika hali ya kuyeyuka na kukizuia kisinaswe, kwa hiyo limau lililokamuliwa juu ya mboga iliyokwisha kuivya, kachumbari ya nyanya na pilipili hoho, au chungwa linaloliwa pamoja na mlo huongeza kiasi kinachoingia. Kipande cha nyama au samaki katika sufuria ileile hufanya kazi hiyo pia, kwani husaidia chuma cha mboga mbali na kuleta cha kwake. Vitamini C haipendi moto mrefu. Ndiyo sababu limau hukamuliwa mwishoni.

Mambo mawili ya jikoni hufanya kinyume. La kwanza ni chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula: polifenoli zake zinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Inatosha kuisogeza mbele saa moja au mbili. La pili ni magadi, ambayo wapishi wengi huyatia ili mboga ilainike na ibaki kijani. Magadi huharibu vitamini C na kuondoa uchachu, na bila uchachu chuma hakiyeyuki vizuri.

Damu inapopungua kweli

Imani ya spinachi ingekuwa mzaha usio na madhara kama isingekuwa inatumiwa mahali pa tiba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wengi wao wameshaambiwa na mtu wa karibu wale mboga za majani kwa wingi, na ushauri huo ukifuatwa peke yake hupoteza wiki ambazo zingetumika kutibu.

Kipimo cha hemoglobini huonyesha hali kwa dakika chache. Kwa mwanamke mtu mzima asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kwa mjamzito ni chini ya 11. Lakini kipimo hicho hakisemi sababu. Malaria, minyoo ya safura, selimundu na hedhi nzito zote hushusha damu, na baadhi yake hazitibiki kwa chuma hata kiliwe kiasi gani. Inapohitajika, daktari huagiza kipimo cha feritini, ambacho huonyesha akiba ya chuma mwilini, ingawa maambukizi yanaweza kukipandisha na kuficha upungufu.

Vidonge vya chuma na foleti vinavyotolewa kliniki vinaonyesha ukubwa wa tofauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Kidonge cha miligramu 60 kina chuma sawa na kilo mbili na zaidi za spinachi mbichi, kabla hata ya kuuliza ni kiasi gani kitafyonzwa. Kwa upande wa chakula, nyama nyekundu, dagaa na samaki hutoa chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, na maharage na dengu vina chuma cha kutosha endapo vitaliwa na kitu chenye vitamini C. Ini lina kingi kuliko vyote hivyo, lakini vitamini A iliyomo ni nyingi mno, na wajawazito hushauriwa wasilile mara kwa mara.

Kwa hiyo hukumu ni mbili. Spinachi si chanzo cha pekee cha chuma: kiasi chake ni cha kuridhisha kwa jani, na mwili unakipata kidogo sana. Na mwanakemia wa Kijerumani aliyetuhumiwa kwa nukta hana kesi ya kujibu mpaka atokee mtu mwenye ukurasa ilimoandikwa. Anayehisi kizunguzungu, mapigo ya moyo ya kasi au kuishiwa pumzi akipanda ngazi akapime damu kwanza, kisha ale mboga yake na limau.